Mteja Anapohoji Ankara ya Ada: Kutafuta Kosa Katika Maelezo ya Kazi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mawakili na wahasibu wenye ofisi ndogo katika Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, ambao ankara zao hurudi na maswali ingawa kazi ilifanyika vizuri na ada ilikubaliwa tangu mwanzo. Katika hali hiyo wengi wetu hukimbilia kupunguza kiasi ili mteja atulie. Hatua hiyo mara nyingi ni ya haraka mno, kwa sababu swali la mteja, likisikilizwa kwa makini, huonyesha kosa liko katika mstari gani wa ankara, na pengine kosa hilo halihusiani na kiasi hata kidogo.

Kabla ya kuzipitia dalili, ni muhimu kujua ni nani anayeisoma ankara. Aliyekupa kazi ni mwenyekiti wa chama cha ushirika, au mwenye kampuni ya mpunga huko Mbarali, na yeye mlizungumza naye kwa simu mara kadhaa, kwa hiyo anajua mengi. Lakini ankara inapomfikia huipeleka kwa mhasibu wake, kisha mbele ya bodi, na baadaye itasomwa na mkaguzi wa COASCO au na mtu wa TRA. Hao wote hawakuwepo mlipozungumza. Wana karatasi tu mkononi, na kila mstari unaomtegemea msomaji kukumbuka mazungumzo ambayo hakuyasikia utazaa swali.

Dalili ya kwanza: "Mlifanya nini hasa?"

Swali hili huja likiwa na adabu. Mjumbe wa bodi husema, "Wakili, sisi hatukatai kulipa, ila tungeomba kujua hiki kilichoandikwa hapa ni kitu gani." Ukiangalia mahali kidole chake kilipo, karibu kila mara utakuta mojawapo ya maneno matatu: kushughulikia, kufuatilia, au mawasiliano.

Maneno hayo si mabaya katika mazungumzo, lakini kwenye ankara yanaficha kazi. Chukua "Kufuatilia faili Mahakama Kuu, Sh. 80,000". Mstari huo unaweza kuwa na maana ya kwamba karani alipanda bajaji hadi mahakamani akauliza kama nakala ya hukumu iko tayari, au kwamba wakili mwenyewe alikaa masjala akisoma mwenendo wa shauri ukurasa kwa ukurasa ili kujua kama kuna sababu ya kukata rufaa. Hizo ni kazi mbili zenye thamani tofauti kabisa, na mteja asiyejua ni ipi iliyofanyika atachukulia kuwa ilifanyika ile nyepesi.

Tiba yake ni kuuandika mstari ili ujibu nini kilifanyika, kwa waraka au mtu gani, kwa sababu gani katika shauri hilo, na kikaishia wapi. Mstari huohuo ungesomeka hivi: "Kusoma masjala mwenendo wa shauri (kurasa 46) ili kuona kama kuna hoja ya rufaa, maoni ya maandishi yametumwa kwa mwenyekiti siku hiyohiyo. Wakili mwenyewe, saa 1." Maneno ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mteja hulipa kwa utulivu zaidi anapojua ni nani aliyefanya kazi, na ofisi ikitoza kazi ya karani kwa kiwango cha wakili, maelezo mazuri hayatauficha udhaifu huo. Yatauweka wazi, na ni haki yake kuwekwa wazi.

Chanzo kinachozaa maneno hayo kwa kawaida ni kuandika ankara mwishoni mwa mwezi kwa kukumbuka. Ukitaka kujua kama ofisi yako ina tatizo hilo, chukua ankara chache zilizopita utazame kama saa zote ni kamili, yaani 1, 2 au 3 bila hata robo saa, kama kitenzi kimoja kimejirudia katika mistari mingi, na kama kazi nyingi zimeangukia tarehe za mwishoni mwa juma. Hizo ni alama za mtu aliyejaza daftari lote kwa mkupuo mmoja. Mstari ulioandikwa siku ileile ya kazi, hata kwa kifupi kwenye daftari la mkononi, hubeba jina la waraka na matokeo yake, kwa sababu bado viko kichwani.

Kuna jaribio moja ambalo nalipendekeza kwa dhati. Mpe ankara karani au mwanafunzi aliyepo ofisini kwa mafunzo, ambaye hakuligusa faili hilo, umwombe akueleze kwa maneno yake kazi iliyofanyika mwezi huo. Pale anapokwama au anapokisia ndipo mteja naye atakapouliza.

Dalili ya pili: mteja anakataa kiasi kizima, ingawa anakubali kwamba kazi ilifanyika

Hii ndiyo dalili inayostahili kuchunguzwa kwa kirefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowagharimu wengi, na chanzo chake hakionekani kwa urahisi.

Tuchukue mfano, ambao majina yake hayapo na viwango vyake ni vya kielelezo tu. Wakili mwenye ofisi Mbeya mjini anaitetea AMCOS moja katika shauri la kiwanja cha ghala, lililofunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Tukuyu. Barua ya makubaliano inasema kila kuhudhuria barazani ni Sh. 150,000, kazi nyingine ni Sh. 80,000 kwa saa, na kila safari ya Tukuyu ni Sh. 60,000. Mwisho wa Machi anatuma ankara yenye mstari mmoja wa ada:

"Machi: Kuhudhuria baraza, kupitia nyaraka, mawasiliano na mteja na kuandaa maombi. Sh. 910,000."

Bodi inakutana, na mjumbe mmoja aliyekuwepo Tukuyu anasema kwamba mwezi huo baraza lilikaa siku moja, mwenyekiti wa baraza hakuwepo, na watu wakaambiwa warudi Aprili. Kuanzia hapo kila aliyepo anauona mstari mzima kuwa ni Sh. 910,000 za kusafiri hadi Tukuyu na kurudi. Katibu anajaribu kueleza kwamba kulikuwa na kazi nyingine, lakini hawezi kusema ni kiasi gani cha fedha hizo kilikwenda wapi. Bodi inaamua kulipa nusu.

Kilichotokea ni kwamba mteja, anapokutana na mstari uliobeba kazi nyingi, huupima wote kwa kile kipande kidogo anachokifahamu mwenyewe. Hapa kipande hicho kilikuwa kikao kilichoahirishwa, nacho ndicho kilichokuwa chepesi kuliko vyote. Kazi ngumu, yaani kusoma nyaraka na kuandaa maombi, ilikuwa imefanyikia ofisini ambako hakuna mjumbe aliyeiona. Kupunguza ada katika hali hiyo kunaithibitishia bodi kwamba ilikuwa sahihi, na ankara ya Aprili nayo itakatwa nusu.

Kazi hiyohiyo, ikigawanywa katika mistari yake, ingesomeka hivi:

4 Machi. Kusoma hati 11 zilizoletwa na katibu kuhusu ununuzi wa kiwanja, na kumwandikia orodha ya nyaraka mbili zinazohitajika kuongezwa. Saa 3. Sh. 240,000.

7 Machi. Mahojiano ofisini na mashahidi wawili wa chama, na kuandika maelezo yao. Saa 2. Sh. 160,000.

12 Machi. Kuandaa maombi ya kuongeza nyaraka mbili, pamoja na kiapo cha katibu cha kuyaunga mkono, ili zipokelewe kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa. Maombi yamesajiliwa 13 Machi. Saa 4. Sh. 320,000.

18 Machi. Kuhudhuria baraza Tukuyu, shauri likitajwa. Mwenyekiti wa baraza hakuwepo na shauri limepangwa 22 Aprili. Nakala ya maombi amekabidhiwa wakili wa upande wa pili, naye atajibu ndani ya siku 14. Sh. 150,000.

21 Machi. Simu na mwenyekiti wa chama kumweleza hatua iliyofikiwa na mashahidi wanaotakiwa Aprili. Nusu saa. Sh. 40,000.

Jumla ni ileile Sh. 910,000, lakini sasa yule mjumbe akisema kikao kiliahirishwa, atapata mstari wa 18 Machi ukisema hivyohivyo, na ataona kwamba anachoweza kukihoji ni Sh. 150,000 ambazo barua ya makubaliano ilizitaja. Mistari mingine minne haiguswi na hoja yake. Zaidi ya hayo, mistari imefungamana: nyaraka mbili zilizogunduliwa tarehe 4 ndizo zilizoombewa ruhusa tarehe 12, na nakala ya maombi hayo ndiyo iliyokabidhiwa kwa upande wa pili tarehe 18. Anayeisoma kwa mfululizo anaiona kazi ikisonga, na hilo hupunguza maswali kuliko adabu yoyote ya barua ya utangulizi.

Mgawanyo huu una mpaka wake. Ukiivunja kazi katika vipande vidogo mno, dakika tano za barua pepe, dakika tano za kujibu simu, mteja atahisi anatozwa kila unapopumua. Kanuni ninayoishika ni kwamba mstari mmoja ubebe kazi moja yenye matokeo yake, na simu ndogo za siku hiyo kuhusu jambo hilohilo zimo ndani ya mstari huo. Kipimo kidogo kabisa cha muda, tuseme robo saa, kitajwe katika barua ya makubaliano, kisiibukie kwenye ankara.

Kwa mawakili kuna faida nyingine ya mpangilio huu. Chama hicho kikishinda na kupewa gharama za shauri, bili ya gharama inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu amri ya gharama ilipotolewa, kwa mujibu wa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264. Bili hiyo hupangwa katika safu za tarehe, namba ya kipengele, maelezo ya huduma, kiasi, na safu ya makato ya afisa anayeitathmini, huku fedha zilizolipwa kwa niaba ya mteja zikionyeshwa peke yake. Ofisi yenye ankara za mistari iliyogawanywa huipata bili hiyo karibu yote kutoka kwenye faili. Ofisi yenye mistari ya jumla hulazimika kukumbuka kazi za miaka miwili nyuma, na kinachokumbukwa vibaya hukatwa. Na makato yakizidi sehemu moja ya sita ya bili, aliyeileta hupoteza na gharama za kuithaminisha.

Dalili ya tatu: "Shauri liliahirishwa, mbona natozwa?"

Hata baada ya kugawanya mistari, wapo watakaouliza hivyo, na hawana kosa kuuliza. Kosa huwa katika mstari unaotaja tukio bila kutaja kilichopatikana. "Kuhudhuria mahakamani, shauri limeahirishwa" unamwambia mteja kwamba siku ilipotea. Mara nyingi si kweli kwamba ilipotea yote: tarehe mpya ilipatikana, waraka ulikabidhiwa, upande wa pili ulipewa muda wa mwisho wa kujibu, au Mahakama ilielekeza shauri lisikilizwe kwa hoja za maandishi. Andika hilo. Andika pia sababu ya kuahirishwa na aliyeisababisha, kwa sababu mteja wa Ludewa au Makete aliyepoteza siku barabarani anataka kujua kama ni wakili wake aliyechelewa.

Na kama kweli hakuna kilichopatikana, usibuni. Mstari usemao ukweli kwamba shauri limeahirishwa kwa kuwa jaji ana kikao kingine, ukiwa na ada iliyokubaliwa kwa maandishi tangu mwanzo, hauzui ugomvi. Iwapo sababu ya kuahirishwa ilikuwa upande wako, uandike mstari huo pamoja na maneno "bila malipo". Usiuondoe, kwa sababu mteja anajua tarehe ile ilikuwepo, na asipoiona atajiuliza imefichwa katika mstari gani mwingine.

Dalili ya nne: "Mwaka jana ilikuwa chini ya hapa"

Swali hili huwapata wahasibu zaidi, hasa karibu na 30 Juni, ambapo wenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba hutakiwa wawe wamewasilisha ritani za kodi ya mapato. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makambako alilipa Sh. 1,200,000 mwaka uliopita, na mwaka huu analetewa ankara ya Sh. 1,700,000 yenye maneno yaleyale: "Kuandaa hesabu za mwaka na ritani ya kodi." Kwake yeye bidhaa ni moja na bei imepanda.

Chanzo ni kwamba maelezo yametaja bidhaa iliyotoka na kuiacha kazi iliyoingia. Tuseme mwaka huu mauzo yaliyo kwenye ripoti za Z za mashine ya EFD hayakulingana na fedha zilizoingia benki, kwa sababu sehemu ya wateja walilipa kwa simu na fedha hizo zikahamishiwa benki kwa mafungu. Mhasibu aliipitia miamala hiyo mmoja mmoja. Kazi hiyo ndiyo iliyoongeza Sh. 500,000, lakini haionekani popote kwenye karatasi. Ingepaswa kuwa mstari wake wa pekee: "Kulinganisha ripoti za Z za miezi 12 na taarifa za benki na za malipo kwa simu, miezi mitatu haikulingana, tofauti imeelezwa katika jedwali lililoambatanishwa. Kazi hii haikuwemo mwaka uliopita." Mstari wa hesabu za kawaida ubaki Sh. 1,200,000 kama ulivyokuwa, ili jicho la mteja lione kwamba bei ya zamani haikuguswa.

Hata hivyo lazima niseme wazi kwamba mstari mzuri hautoshi hapa. Kazi inapozidi makubaliano, mteja aambiwe siku ile inapogundulika, kwa ujumbe mfupi wa maandishi unaotaja kilichokutwa, kinachohitajika kufanyika na makadirio ya kiasi, naye akubali kabla kazi haijaendelea. Kisha mstari wa ankara utaje tarehe ya ujumbe huo. Ankara inayomletea mteja habari mpya ya gharama ni ankara iliyochelewa, hata ikiwa imeandikwa kwa ufasaha namna gani.

Dalili ya tano: mteja anaomba mstari ufutwe

Kosa hapa ni kinyume cha yaliyotangulia, yaani maelezo yaliyozidi. Mteja anapiga simu kwa sauti ya wasiwasi na kuomba kwamba maneno fulani yaondolewe kabla ankara haijafika kwenye bodi. Hukatai kuyaondoa, lakini ujue ulipokosea: umeandika ushauri mahali pa kuandika kazi.

Rudi kwenye mstari wa 4 Machi katika mfano wetu. Katika kuzisoma zile hati 11, huenda wakili aligundua kwamba mkataba wa mauziano una kasoro ambayo upande wa pili haujaiona. Angeweza kuandika "Kusoma mkataba wa mauziano na kubaini kwamba shahidi wa muuzaji hakusaini." Mstari huo ungekuwa wazi kabisa, na ungekuwa wa hatari kabisa, kwa kuwa ankara hiyo itapita mikononi mwa wajumbe, mhasibu na mkaguzi, na katika mji mdogo kama Tukuyu mmoja wao anaweza kuwa ndugu wa mdai. Ndiyo maana mstari tulioutumia unasema tu kwamba orodha ya nyaraka mbili iliandikwa. Kasoro yenyewe na maana yake zinakaa katika barua ya siri kwa mwenyekiti. Mhasibu naye asiandike "Kushauri kuhusu mauzo ambayo hayakutolewa risiti", aandike "Kikao cha ushauri kuhusu kumbukumbu za mauzo, maoni yametumwa kwa barua."

Kipimo chake ni rahisi kukishika: taja waraka, kitendo na hatua iliyofuata, usitaje ulichokiona ndani yake wala unachokifikiria kuhusu nafasi ya mteja kushinda.

Dalili ya sita: kimya

Ankara imefika, hakuna swali, hakuna fedha. Kabla ya kuilaumu ankara, tofautisha mambo mawili. Mteja asiye na fedha kwa sasa hutaja tarehe. Atasema subiri mpunga utoke, au subiri malipo ya kahawa yaingie, na katika nyanda zetu hilo mara nyingi ni kweli tupu, maana chama au mfanyabiashara anayetegemea mavuno hana fedha za mkononi miezi ya mvua. Huyo hahoji chochote, na dawa yake ni kupanga awamu za malipo kufuata msimu tangu kwenye barua ya makubaliano.

Mteja anayehoji bila kusema hana tarehe. Ukimuuliza lini, atakujibu kwamba ankara bado inaangaliwa. Huyo mpigie, na badala ya kumuuliza kuhusu malipo muulize ni mstari gani ambao bodi au mhasibu wake angependa uelezwe zaidi. Jibu lake litakurudisha kwenye mojawapo ya dalili zilizotangulia.

Dalili ya saba: fedha zimeingia pungufu, na hakuna aliyelalamika

Ankara yetu ya Machi ina ada ya Sh. 910,000 na safari ya Sh. 60,000, jumla Sh. 970,000. VAT ya asilimia 18 ni Sh. 174,600. Juu yake kuna ada ya baraza, tuseme Sh. 20,000, iliyolipwa kwa namba ya udhibiti kwa jina la chama. Ada hiyo si huduma ya wakili bali ni fedha aliyoilipa kwa niaba ya mteja, kwa hiyo haiwekewi VAT, na inakaa chini peke yake pamoja na nakala ya risiti. Safari ni tofauti, kwa kuwa ni gharama ya wakili mwenyewe katika kutoa huduma, na hivyo inaingia kwenye kiasi kinachotozwa VAT. Jumla ya ankara ni Sh. 1,164,600.

Benki inaonyesha Sh. 1,116,100. Wakili anadhani amekatwa na bodi, na mhasibu wa chama anashangaa kwa nini anapigiwa simu kali. Tofauti ni Sh. 48,500, ambayo ni kodi ya zuio ya asilimia 5 ya Sh. 970,000. Chama kinapolipa huduma za kitaalamu kwa mkazi kinatakiwa kuizuia kodi hiyo na kuiwasilisha TRA, na hukokotolewa kabla ya VAT. Anayeikokotoa juu ya jumla iliyo na VAT anamkata wakili zaidi ya inavyotakiwa, na kosa hilo hutokea sana pale ankara inapoonyesha jumla moja tu mwishoni.

Kwa hiyo mistari ya chini ya ankara ionyeshe mambo hayo moja baada ya jingine: kiasi kabla ya VAT, VAT, fedha zilizolipwa kwa niaba ya mteja, jumla, kodi ya zuio itakayokatwa, na kiasi kitakachoingia benki. Chini yake omba hati ya kodi ya zuio, kwa sababu bila hati hiyo Sh. 48,500 hazitahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka na utakuwa umezilipa mara mbili.

Ankara ikishahojiwa

Kama kosa limegunduliwa wakati risiti ya EFD haijatolewa, andika mistari upya, uitume ikiwa na tarehe mpya na barua fupi inayosema kwamba inachukua nafasi ya ile ya awali, na kiasi kisibadilike isipokuwa kama kazi yenyewe ilitozwa vibaya. Risiti ikishatoka, jambo linakuwa zito zaidi: kupunguza kiasi kunahitaji kredit noti na maelezo yatakayoridhisha TRA, na VAT ya kiasi cha awali itabaki ikikudai hadi marekebisho yakamilike. Kwa sababu hiyo ofisi nyingine hutuma kwanza rasimu ya ankara na kumpa mteja siku tatu za kuisoma, na hapo ndipo maswali ya mistari hujibiwa, wakati bado ni kazi ya kalamu tu. Rasimu hiyo itumwe kwa yule atakayeisoma kweli, yaani mhasibu wa chama au katibu wa bodi, na nakala kwa mwenyekiti aliyekupa kazi.